Kiinua mgongo ni mshahara uliolipwa mapema

Januari 20, 2025, saa chache baada ya kuapishwa, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Machi 10 waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Ilipofika Julai 1 shirika hilo likawa limeacha rasmi kutekeleza misaada. Katika nchi nyingi watu waliokuwa wakiajiriwa kwa mikataba ya miaka mitatu au mitano, mikataba iliyokuwa ikihuishwa kama jambo la kawaida, walijikuta nje. Wengine walitoka mikono mitupu. Wengine walitoka na kiinua mgongo cha mkataba, malipo ya notisi, likizo ambazo hawakuzichukua, na fidia ya kupunguzwa kazi. Hao wa pili ndio ninaotaka kuwazungumzia, kwa sababu tangu wakati huo ushauri wanaopewa ni mmoja: anzisheni mradi. Semina za ujasiriamali zimejaa watu hao, na kila mwenye kiwanja, mashine ya kusaga au gari la mtumba la kuuza anajua namba zao za simu.

Naona ushauri huo umelisoma tukio vibaya. Mtu aliyepoteza mshahara hana tatizo la kukosa mradi. Tatizo lake ni kukosa mshahara. Zile fedha alizopewa ni mshahara wa miezi ijayo uliolipwa wote kwa siku moja, na kazi ya kwanza ni kuugawa tena urudi kuwa wa kila mwezi, kwa miaka mingi iwezekanavyo, huku sehemu ambayo haijaliwa ikizaa. Anayeuona kama mtaji hujiuliza “ninunue nini?” Anayeuona kama mshahara hujiuliza “utanifikisha wapi?” Maswali hayo mawili humpeleka mtu kwenye maisha mawili tofauti, na nitajaribu kuonyesha kwa hesabu kwa nini la pili ndilo lenye kulipa.

Tuchukue mfano wa mtu mmoja na tukae naye mpaka mwisho. Mshahara wake wa mkononi ulikuwa 100 kwa mwezi. Weka sarafu yoyote utakayo, na ziongeze sifuri upendavyo. Baada ya kodi amelipwa 3,600, yaani mishahara 36. Nasisitiza baada ya kodi, kwani barua ya kuachishwa kazi huandika kiasi ghafi, na watu wengi hupiga bajeti kwa kiasi ambacho hawatakiona kamwe. Ana mkopo wa benki wa 300 wenye riba ya asilimia 18. Huo anaulipa siku ya kwanza, bila mjadala, maana hakuna uwekezaji salama utakaomlipa 18 kwa 100 kwa uhakika kama anavyookoa kwa kuufuta. Anabaki na 3,300.

Sasa linakuja swali ambalo karibu kila mtu hulikosea. Wengi hugawanya 3,300 kwa 100, wanapata miezi 33, wanaingiwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo inayowasukuma kwenye mradi. Lakini 100 ilikuwa mshahara, na mshahara si matumizi. Ndani yake mlikuwa na nauli ya kazini, nguo za kazini, makato ya mkopo ambao sasa haupo, akiba, na michango ya ofisini. Mtu wetu anakaa na mwenzi wake, wanaandika matumizi ya nyumba ya miezi mitatu iliyopita bila kuoneana aibu, wanakuta nyumba inaendeshwa kwa 70. Mwenzi wake analeta 30 kwa mwezi. Kinachokosekana ni 40. Hicho nakiita pengo, na pengo ndilo la kuzibwa na kiinua mgongo. Kwa mwaka ni 480. Ukigawanya 3,300 kwa 480 unapata miaka 6 na miezi 10 hata kama fedha zimelala kwenye godoro. Tayari habari ni nyingine.

Tuseme hazilali. Zimewekwa mahali zinapopata asilimia 4 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, na kila mwaka mtu wetu anajiongezea matumizi kulingana na bei zilivyopanda. Zitadumu miaka 7 na miezi 10. Nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza nilivunjika moyo: ule uwekezaji wote umeongeza mwaka mmoja tu! Nikapandisha faida kutoka 4 hadi 6, kiwango ambacho mtu hukipata kwa kubahatika na kwa kubeba hatari zaidi. Ikawa miaka 8 na miezi mitano hivi. Miezi saba ya nyongeza, kwa jasho lote lile la kutafuta faida kubwa.

Kisha nikarudisha faida kwenye 4 na kugusa upande wa pili. Tuseme pengo linashuka kutoka 40 hadi 30, ama kwa sababu nyumba imepunguza matumizi kidogo, ama kwa sababu mtu wetu amepata vibarua vinavyomwingizia sehemu ya kumi tu ya mshahara wake wa zamani. Fedha zilezile zinadumu miaka 11. Pengo likishuka hadi 20, zinadumu miaka 19. Likifika 11 kwa mwezi, anachotoa kwa mwaka ni asilimia 4 tu ya fedha zake. Hapo, kwa faida hiyohiyo ya 4, haziishi. Ni kiwango kilekile alichokifikia mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, mwaka 1994, alipojaribu kwa takwimu za masoko ya kwao kuanzia 1926 kuona mstaafu anaweza kutoa kiasi gani kila mwaka bila kuishiwa ndani ya miaka 30. Masoko mengine hayafanani na la Marekani, na asilimia 4 si ahadi ya mtu yeyote. Hata hivyo inaonyesha fedha zinaanza kujitegemea katika eneo gani.

Hapo ndipo mzizi wa hoja yangu ulipo. Kwa fungu la ukubwa huu, kupunguza pengo kwa 10 kunaongeza zaidi ya miaka mitatu. Kuongeza faida kwa asilimia mbili kunaongeza miezi saba. Anayehangaika kutafuta uwekezaji unaolipa sana anasukuma mlango mgumu wakati mwepesi uko pembeni. Na mradi wa hatari, kwa maana ya hesabu, si kitu kingine ila jaribio la kuusukuma ule mgumu kwa nguvu zote.

Tuupe mradi nafasi yake. Mtu wetu anachukua 2,700 na kuzitia kwenye kitu kimoja, anabakiza 600 za kula. Kwa pengo la 40, hizo 600 ni miezi 15. Mradi usipokuwa umeanza kuleta 40 safi kila mwezi kabla ya mwezi wa 16, ataanza kuula wenyewe: kwanza atauza mali bila kununua nyingine, kisha atakopa kwa dhamana ya kile alichojenga. Arobaini kwa mwezi ni 480 kwa mwaka, karibu asilimia 18 ya 2,700, baada ya gharama zote na juu ya mfumuko wa bei. Kama mradi ni gari la abiria litakalochakaa kwa miaka sita, kwanza linatakiwa kurudisha 450 kila mwaka ili mnunuzi asiwe amepoteza fedha zake, kabla ya kuhesabu faida hata ya senti. Wengi hula hizo 450 wakidhani ni faida. Gari linapokufa mwaka wa sita, wanasema biashara ya usafiri ina laana.

Nyumba ya kupangisha ina sifa nzuri zaidi, na hapa sitaki kuwa mkali kupita kiasi, maana nyumba haikimbii na kodi ya pango hupanda na bei. Lakini ipigie hesabu. Tuseme 2,700 zimetosha kuimaliza, jambo ambalo ni nadra, na baada ya matengenezo, kodi za serikali na miezi ya kukaa tupu inaleta asilimia 5 kwa mwaka. Hiyo ni 135, yaani 11 kwa mwezi. Pengo ni 40. Zinazobaki 29 zitatoka wapi? Hakuna anayeweza kubandua dirisha akaliuza kulipa ada ya mtoto. Fedha za kiinua mgongo zilikuwa na uwezo wa kuliwa kidogo kidogo kwa mpango. Zikishageuka tofali, uwezo huo umekwisha. Kiinua mgongo changu cha kwanza, cha mkataba wa miaka mitatu, kiliishia kwenye linta. Niliporudi kutafuta ajira nilikuwa na kuta nne zisizo na paa na deni la saruji.

Upande wa pili una hoja, na baadhi ni nzito. Nyepesi kuliko zote, lakini ndiyo inayosikika zaidi siku hizi, inasema riba zimeshuka kwa hiyo hatifungani, zile hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba, na amana za benki hazina maana tena. Ni kweli benki kuu nyingi zilishusha riba: ya Ulaya ilianza Juni 2024, ya Marekani Septemba mwaka huohuo, na nyingine nyingi zikafuata njia hiyo. Lakini mwenye hoja hii anatazama namba moja kati ya mbili. Riba ikiwa 14 na bei zikapanda 9, unabaki na 5. Riba ikishuka hadi 10 na bei zikapanda 4, unabaki na 6. Umepata zaidi ingawa tangazo la benki limepungua. Isitoshe, hatifungani yenye riba isiyobadilika hukulipa riba ya siku uliyoinunua mpaka iive. Ukinunua ya miaka mitano leo kwa 11, tangazo la mwakani la benki kuu halikuhusu. Litakuhusu siku fedha hizo zitakapokurudia mkononi na kutafuta pa kwenda. Kushuka kwa riba, kwa hiyo, ni sababu ya kufunga sehemu ya fedha kwa miaka kadhaa badala ya kuziacha zote kwenye amana za miezi mitatu. Si sababu ya kununua gari.

Nzito zaidi ni ile ya mfumuko wa bei, na hii inawapiga hasa wale wanaojiona waangalifu. Mtu ananunua hatifungani inayolipa 11 kwa 100, kodi inachukua 1, anapata 10 mkononi. Anaila yote, kila mwaka, akijivunia kwamba “nakula faida tu, mtaji sijaugusa.” Bei zikipanda kwa 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 mtaji wake ule ambao hakuugusa unanunua nusu tu ya ulichokuwa ukinunua, na ile riba yake, ambayo haikuongezeka hata senti, nayo inanunua nusu. Ameugusa mtaji tangu mwaka wa kwanza, hakuona tu. Katika hizo 10, zilizokuwa faida ya kweli ni karibu 4. Sita zilizosalia zilikuwa mtaji uliovaa nguo za riba. Simlaumu mtu anayekula mtaji, hata mtu wetu wa mfano anaula, na miaka 11 ndiyo mwisho wake. Tofauti ni kwamba yeye anajua anaula kwa kasi gani, na anajiongezea kila mwaka ili sahani isipungue.

Ipo pia hoja kwamba serikali yenyewe inaweza kushindwa kulipa. Anayeitoa haoti. Desemba 2022 Ghana ilitangaza mpango wa kubadilisha hatifungani zake za ndani kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi, na mapema 2023 wastaafu waliokuwa wameweka akiba zao humo walikaa nje ya wizara ya fedha jijini Accra wakidai wasihusishwe. Watu waliofanya jambo lililoonekana salama kuliko yote walijikuta wakiandamana uzeeni. Ninachojifunza hapo ni kwamba fedha zote zisiwe kwa mdaiwa mmoja, hata akiwa serikali, na kwamba nchi ikianza kukopa kwa riba inayopaa mwezi hadi mwezi wakati nyingine zinashusha, riba hiyo nono ni onyo. Lakini sioni jinsi hoja hii inavyomfikisha mtu kwenye mradi mmoja. Anayekimbia hatari ya serikali kushindwa na kwenda kuweka fedha zote kwa kuku wa aina moja kwenye banda moja, amehama kwa mdaiwa mkubwa akahamia kwa mdaiwa mdogo anayeugua.

Hoja ya mwisho naiheshimu. Inasema mtu wa miaka 45 mwenye nguvu hawezi kukaa akisubiri riba. Kazi ni heshima, na watoto wanahitaji kumwona mzazi akiamka asubuhi. Nakubali yote. Ila mradi una vitu viwili vilivyofungwa pamoja, jasho na mtaji, na hesabu yetu inasema jasho ndilo lenye thamani kwake sasa. Mhasibu anayefunga vitabu vya wafanyabiashara watatu wadogo kila mwezi, muuguzi anayechukua zamu za muda, fundi wa kompyuta anayeitwa akihitajika: wote hao wanapunguza pengo kutoka 40 hadi 30 kwa mtaji ambao tayari wanao kichwani. Tumeona 10 hiyo ina thamani ya miaka mitatu. Kama kuna biashara ambayo ni lazima itiwe fedha, itiwe, ila iwe na kikomo, na kikomo kiwekwe kabla ya kuanza.

Tukimrudia mtu wetu, mwenye 3,300 na pengo ambalo sasa ni 30 kwa mwezi, yaani 360 kwa mwaka, mpangilio wake unaweza kuwa hivi. Za mwaka wa kwanza, 360, zinakaa kwenye mfuko wa ukwasi, ule mfuko wa pamoja unaowekeza kwenye amana na dhamana za muda mfupi na kukuruhusu kutoa ndani ya siku chache. Anaagiza 30 zihamie kwenye akaunti ya matumizi tarehe ileile mshahara ulipokuwa ukiingia. Inaonekana jambo dogo, lakini ndilo linalozuia nyumba kuendeshwa kwa salio kubwa. Salio kubwa linapoonekana, matumizi hulifuata, na ndugu pia.

Kisha anajenga ngazi. Anachukua 1,440 na kuzigawa mafungu manne ya 360, kila moja kwenye dhamana ya serikali au amana ya muda maalumu inayoiva mwaka tofauti: moja mwishoni mwa mwaka wa kwanza, ya pili mwishoni mwa wa pili, hivyo hivyo hadi wa nne. Kila daraja likiiva linakuwa mshahara wa mwaka unaofuata, na riba iliyopatikana njiani ndiyo inayobeba kupanda kwa bei. Uzuri wa ngazi ni kwamba hakuna siku atakayolazimika kuuza kabla ya wakati. Hatifungani ya miaka kumi ni salama kwa anayesubiri miaka kumi. Anayetaka kuiuza mwaka wa tatu anaiuza kwa bei ya soko, na kama riba zimepanda tangu ainunue, bei hiyo iko chini ya aliyolipa. Wengi waliosikia “dhamana ya serikali haina hasara” hawakuambiwa habari hii.

Zinabaki 1,500. Kati ya hizo 1,170 ni za mwaka wa sita na kuendelea, na hizi ndizo pekee zinazoruhusiwa kubeba msukosuko: sehemu kwenye hatifungani za muda mrefu, sehemu kwenye mfuko wa pamoja wa hisa za kampuni nyingi. Hisa zinahitajika kwa sababu ya bei. Kampuni hupandisha bei za bidhaa zake mfumuko unapokuja, hatifungani yenye riba isiyobadilika haiwezi. Lakini zinahitaji muda. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 kipimo cha S&P 500 cha hisa za Marekani kilianguka kwa zaidi ya nusu, na hakikurudi kilipokuwa hadi 2013, kama miaka mitano na nusu. Aliyekuwa akiuza hisa zake kila mwezi kulipia chakula katika kipindi hicho aliuza nyingi kwa bei ya chini, na soko lilipopanda hakuwa na cha kupanda nalo. Mwenye mwaka mmoja mkononi na miaka minne kwenye ngazi angekaribia kuvuka bila kugusa hata moja. Ndiyo maana mfuatano wa faida huwa na uzito kuliko wastani wake: watu wawili wanaweza kupata wastani uleule kwa miaka kumi, mmoja akaishiwa na mwingine asiishiwe, kwa sababu tu mwaka mbaya ulimkuta wa kwanza mapema.

Zilizosalia, 330, sehemu ya kumi, ndizo za mradi. Kwa mwaka mzima wa kwanza hazitoki. Zinakaa kwenye mfuko wa ukwasi zikizaa huku mwenyewe akijaribu biashara kwa kiwango kidogo kwa jasho lake. Baada ya hapo akiziingiza na biashara ikafa kabisa, muda wa fedha zake unapungua kutoka miaka 11 hadi karibu miaka 9 na miezi 9. Amepoteza miezi 16. Inauma, lakini nyumba bado inakula. Mlinganishe na yule wa 2,700, ambaye mradi wake ukifa anabaki na miezi 15 kwa jumla, kama hajaanza kuitumia.

Neno moja kuhusu wale watakaomfuata na ahadi. Mtu anayekuahidi asilimia 10 kwa mwezi anakuambia fedha zako zitazidi mara tatu kwa mwaka, na kama anaweza hilo hana haja na za kwako. Wajanja zaidi huahidi kiasi cha wastani, kwa hiyo kiwango peke yake hakitoshi kuwatambua. Uliza fedha na dhamana zitaandikwa kwa jina la nani na zitatunzwa na nani. Kwenye mifuko halali meneja anayeamua na benki inayotunza ni watu wawili tofauti, na unaweza kwenda kwa yule wa pili ukathibitisha. Ukijibiwa kwamba vyote vinafanyika “hapa hapa ofisini kwetu”, chukua karatasi zako.

Mpangilio huu hauhitaji kutazamwa kila siku, lakini unahitaji kipimo kimoja mara moja kwa mwaka. Chukua salio lote, ligawanye kwa pengo la mwaka kama lilivyo kwa bei za sasa. Mtu wetu alianza na 3,300 kwa 360, yaani 9.2. Ametoa 360, zilizobaki 2,940 zimepata karibu 10 mkononi baada ya kodi, bei zimepanda 6, pengo limekuwa 382. Salio ni kama 3,234, na ukigawanya unapata 8.5. Ameishi mwaka mzima na namba imeshuka kwa 0.7 tu. Kama fedha zisingezaa chochote juu ya bei, ingeshuka kwa 1 kamili, ile 0.3 ndiyo kazi ziliyoifanya.

Sasa tuseme mwaka ule bei zingepanda 12. Pengo linakuwa 403, salio ni lilelile, namba inashuka hadi 8.0. Imeshuka zaidi ya 1, na hiyo ndiyo dalili kwamba bei zinamshinda hata kama taarifa ya benki inaonyesha salio halijapungua sana. Hatua ya kwanza hapo si kuhamisha fedha kwa haraka kwenda kwenye kitu kinacholipa zaidi. Ni kusimamisha nyongeza: anaendelea kujilipa 30 zilezile kwa mwezi kwa mwaka mmoja, na badala ya kutoa 403 anatoa 360. Namba inarudi karibu na 9, na nyumba inatafuta zile tatu na nusu za kila mwezi kwingine, kwenye zamu moja zaidi au kwenye kitu kinachoweza kusubiri. Mwaka unaofuata anagawanya tena.